Kibodi Inayomeza Herufi ya Kwanza

Kila nikirudi mezani kutoka kunywa chai, kompyuta inakataa neno langu la siri. Naandika tena, inakubali. Kwa miezi kadhaa nilidhani vidole vyangu vimechoka, mpaka siku moja nikaandika kwenye ukurasa ulio wazi badala ya kwenye kile kisanduku cha vinukta. Nilikusudia "Habari za asubuhi". Kilichotokea kwenye kioo ni "ri za asubuhi". Herufi nne za mwanzo, pamoja na ile kubwa, hazikuonekana. Nilipoendelea kuandika hakuna iliyopotea tena mchana kutwa, hadi niliponyanyuka kwenda kula.

Kibodi yangu haina waya, inatumia betri moja ya AA, na ina njia mbili za kuzungumza na kompyuta: bluutuu, au kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Nimekuwa nikitumia bluutuu kwa sababu laptopu yangu ina matundu mawili tu na yote yana kazi. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia, ingawa betri nayo ilikuwa na lake la kusema, kama tutakavyoona.

Ili kuelewa kwa nini kibodi ilale, tuanze na hesabu ya boksi. Boksi la kibodi yangu linaahidi betri moja itadumu miaka 2. Betri nzuri ya AA ya alkalini ina akiba ya miliampea-saa 2500 hivi. Miaka 2 ni siku 730, kwa hiyo kibodi ina ruhusa ya kutumia miliampea-saa 3.4 kwa siku na si zaidi. Tuseme unaandika kwa saa nne kila siku, na katika saa hizo kibodi inakula wastani wa miliampea 0.6 kwa kusoma vitufe na kurusha mawimbi. Hizo peke yake ni miliampea-saa 2.4. Imebaki miliampea-saa moja tu ya kugawanya katika saa 20 zilizobaki, yaani maikroampea 50.

Sasa, kushikilia mazungumzo ya bluutuu bila kuandika chochote kuna gharama yake. Kibodi inalazimika kuamka mara kwa mara, kuwasha redio, kusikiliza kama kompyuta ina neno, kisha kuzima. Tukadirie maikroampea 300 kwa kazi hiyo. Mara saa 20, ni miliampea-saa 6 kwa siku, karibu mara mbili ya posho yote. Betri ingeisha ndani ya miezi kumi. Mhandisi aliyepewa kazi ya kutimiza ahadi ya miaka 2 hana njia nyingine: lazima baada ya muda fulani aikate ile laini. Kuchelewa kwa kitufe cha kwanza ni bei ya maneno yaliyochapwa kwenye boksi.

Usingizi wenyewe una kina tofauti, na ni vizuri kuvitenganisha kwa sababu dalili zake hazifanani.

Wa kwanza ni kusinzia. Umeacha kuandika kwa sekunde chache. Kibodi bado imeunganishwa, lakini imekubaliana na kompyuta kwamba itakuwa inaitikia kwa nadra. Watu wengi wanaojua jambo hili juujuu hulaumu hatua hii, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Hebu fikiria: kama kibodi inaruhusiwa kunyamaza kwa nusu sekunde, si herufi nayo itangoja nusu sekunde? Kwenye bluutuu ya nishati ndogo, ambayo kibodi nyingi za sasa zinaitumia, jibu ni hapana. Ruhusa ile ni ya kunyamaza wakati huna la kusema. Ukibonyeza kitufe, kibodi haingoji zamu yake ya mbali. Inaidaka zamu inayofuata, ambayo kwa kawaida iko umbali wa milisekunde 7.5 hadi 15. Jicho halioni hilo. Kwenye bluutuu ya zamani mpangilio ni mwingine kidogo na unaweza kuhisi uzito fulani katika herufi ya kwanza, lakini haipotei.

Wa pili ndio usingizi hasa. Dakika kadhaa zimepita, mara nyingi 10 au 15, na kibodi imekata mawasiliano kabisa. Redio imezimwa. Chipu imebakiza kumbukumbu yake na sehemu ndogo inayolinda vitufe. Kompyuta nayo imeshaandika katika daftari lake kwamba kibodi imeondoka.

Wa tatu ni kama kuzimia. Chipu imezima hadi kumbukumbu yake ya muda, imeacha mlinzi mmoja tu mlangoni. Chipu ya nRF52840, inayopatikana kwenye kibodi nyingi za kujitengenezea, katika hali hii hula maikroampea 0.4 tu, chini ya kile ambacho betri yenyewe hujipotezea ikiwa kabatini. Lakini kuamka kwake ni kuanza upya kana kwamba imewashwa kwa swichi sasa hivi. Inasoma programu yake tangu mstari wa kwanza, inajiuliza mimi nani, inatafuta funguo za kompyuta iliyozoeana nayo, ndipo inaanza kuita. Kitufe kilichoiamsha kimetumika kama kengele tu, na mara nyingi chenyewe hakihesabiwi kama herufi.

Turudi kwenye ule usingizi wa pili, maana ndio unaowasumbua watu wengi, tuone kinachotendeka tangu kidole kinapogusa kitufe.

Chipu inaamka. Saa yake ya kioo cha kwatzi inahitaji milisekunde moja au mbili kutulia. Hadi hapo hakuna aliyechelewa. Kisha kibodi inaanza kupiga hodi kwa kompyuta, na hapa ndipo sekunde zinapokwenda. Kompyuta haikai imetega sikio muda wote, kwa sababu nayo ina betri ya kulinda na redio hiyohiyo inahudumia vitu vingine. Kwa utaratibu wa kawaida wa bluutuu ya zamani, ambayo ndiyo kibodi yangu inaitumia, kompyuta hufungua sikio kwa milisekunde 11.25, kisha hulifunga, kisha hulifungua tena baada ya sekunde 1.28. Yaani katika kila sekunde mia moja, imesikiliza chini ya sekunde moja.

Aidha, bluutuu haina chaneli moja ya kukutania, inarukaruka. Mgeni anayepiga hodi hajui kwa hakika mwenyeji atasikilizia chaneli ipi, kwa hiyo anapita kwenye chaneli 16 anazodhani ndizo, anazirudia tena na tena kwa sekunde 1.28, na asipoitikiwa anahamia kwenye 16 nyingine. Kama dhana yake ya kwanza ilikuwa sahihi, atasikika ndani ya sekunde 1.28. Kama haikuwa sahihi, inaweza kufika sekunde mbili na nusu. Baada ya "karibu", bado pande mbili zinahakikishiana funguo za siri na kufungua njia ya kupitishia vitufe, jambo linaloongeza sehemu nyingine ndogo ya sekunde.

Jumla ni sekunde moja hadi tatu kwa kibodi nzima yenye betri nzima. Mwandishi wa kasi ya wastani huwa ameshagonga vitufe vitatu hadi kumi kabla mlango haujafunguliwa.

Vitufe hivyo vinakwenda wapi? Hilo linategemea aliyeandika programu ya ndani ya kibodi. Kibodi haitumi kwa kompyuta habari ya "H imebonyezwa, kisha a imebonyezwa". Inatuma picha ya hali ilivyo sasa: vitufe hivi viko chini, vingine vyote viko juu. Katika mfumo wake wa msingi picha hiyo ni baiti 8: moja ya Shift na wenzake, moja tupu, na sita za vitufe vya kawaida. Kama programu haina foleni ya kuhifadhia picha zilizopita, mlango unapofunguliwa inatuma picha ya wakati huo tu. Kitufe ulichobonyeza na kuachia sekunde moja nyuma hakimo kwenye picha, kwa hiyo kwa kompyuta hakijawahi kuwapo. Kibodi yenye foleni hutema herufi zote kwa mkupuo, zimechelewa lakini zimetimia. Na kuna za katikati, zenye foleni fupi, ambazo hutunza picha chache kisha kumwaga zinazozidi. Hizi ndizo zenye visa vya ajabu: Shift inapotea, herufi yake inabaki, na neno la siri linakataliwa ingawa idadi ya vinukta iko sawasawa. Ukishaona hivyo, unaweza kukaa siku nzima ukijilaumu.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote nilitaka kupima, na kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Acha kibodi bila kuigusa kwa muda uliouchagua. Kisha andika 1234567890 kwa mwendo mmoja, vitufe vinne kwa sekunde, ukihesabu kama mpiga ngoma. Tarakimu zinakuwa rula: kila iliyokosekana ni robo sekunde.

Nilianza na dakika moja. Zikaja zote. Dakika tano, zote. Dakika tisa, zote. Dakika kumi na moja, kwenye kioo kukatokea 67890. Tano zimepotea, yaani sekunde moja na robo. Nikarudia mara sita kwa siku mbili. Nyingine ilikula tatu, nyingine nane, lakini hakuna hata mara moja ilipomeza chochote kabla ya dakika kumi. Kubadilikabadilika huko ni alama yake: kunatokana na mahali ambapo hodi imeangukia katika ule mzunguko wa sekunde 1.28. Kungekuwa na idadi ileile kila mara, ningeshuku kuwashwa upya kwa chipu, ambako huchukua muda uleule daima. Na tarakimu zingepotea ovyo katikati ya kazi, bila kujali kama nimepumzika, ningetafuta mchawi mwingine, kama diski ya nje ya USB 3.0 iliyo karibu na kipokezi, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4.

Anayetumia Linux anaweza kuona zaidi. Fungua dirisha la amri, uandike:

```
sudo btmon
```

Kisha uache kibodi ilale. Muda ukifika utaona mstari wa `Disconnect Complete`, na chini yake sababu. Hiyo sababu ni ya thamani sana, maana inataja aliyekata. Ikiwa ni `Remote User Terminated Connection (0x13)`, ni kibodi iliyoaga. Ikiwa ni `Connection Terminated By Local Host (0x16)`, ni kompyuta yako iliyofukuza mgeni, na dawa iko kwenye kompyuta. Ikiwa ni `Connection Timeout (0x08)`, hakuna aliyeaga. Mmoja alipotea hewani, jambo linaloonyesha umbali, kelele, au betri. Yangu ilikuwa 0x13, baada ya dakika kumi kamili. Kibodi ilikuwa inafanya kile ilichoagizwa.

Nilipojua hivyo nikatulia kidogo. Wiki tatu baadaye mambo yakabadilika. Kipimo cha dakika kumi na moja sasa kilimeza tarakimu zote kumi. Nikaandika tena, zikamezwa zote. Baada ya sekunde nne hadi tano ndipo kibodi ikazinduka, ikafanya kazi vizuri kabisa kutwa nzima.

Nikaipeleka betri kwa fundi redio wa mtaani kwetu, ambaye ndiye anayeniuzia betri hizo.

"Shikamoo fundi. Hii betri naona imekufa."

"Marahaba. Ngoja tuone." Akagusisha mita. "Haijafa hii, mwanangu. Volti 1.22. Ukiiweka kwenye saa ya ukutani inakwenda mpaka mwakani."

Na kwa saa ya ukutani alikuwa sahihi kabisa. Lakini mita yake ilipima betri iliyokaa bila kazi. Nilimwomba rezista ya omu 10, tukaifunga kati ya ncha mbili za betri, tukapima tena huku umeme ukipita. Volti zikashuka hadi 0.94. Fundi akainua nyusi.

Hesabu yake ni hii. Volti 0.94 kupitia omu 10 ni miliampea 94. Volti zilizopotea ni 1.22 kutoa 0.94, yaani 0.28. Gawanya 0.28 kwa ampea 0.094, unapata omu 3. Hizo ni omu zilizo ndani ya betri yenyewe, ukinzani wake wa ndani. Betri mpya ya alkalini ina kama omu 0.2. Hii ilikuwa betri ya kaboni na zinki, zile za bei nafuu tunazotilia redio na tochi, ambazo ukinzani wake huwa mkubwa tangu mwanzo na hukua haraka zinapochoka.

Ukinzani huo unahusianaje na kitufe cha kwanza? Chipu ya kibodi inataka volti karibu 3, na betri moja haiwezi kutoa hizo, kwa hiyo ndani kuna saketi ndogo ya kupandisha volti. Wakati wa kupiga hodi, redio ya aina hii inaweza kudai miliampea 30 kwa volti 3. Hizo ni miliwati 90. Kipandishi hupoteza kidogo njiani, tuseme kinahitaji miliwati 106 kutoka kwenye betri. Betri mpya ya volti 1.6 inatoa kiasi hicho kwa miliampea chini ya 70, na kushuka kwake ni volti 0.013. Haijasikia kitu.

Betri yetu ya fundi iko kwenye hali tofauti. Kwa miliampea 94 ilikuwa na volti 0.94, ambazo ni miliwati 88 tu. Hazitoshi. Kipandishi hakijui kuvumilia: volti zikishuka, kinavuta mkondo mkubwa zaidi ili nguvu ibaki ileile, na mkondo ukikua volti zinashuka zaidi. Ukifuata hesabu hadi mwisho, betri inaishia karibu na volti 0.84. Kipandishi cha betri moja kinaweza kukataa kazi chini ya volti 0.9 hivi. Kikivutwa chini ya hapo, chipu inakosa umeme, inajizima, mzigo unaondoka, betri inapumua na volti zinarudi 1.2, chipu inawaka upya, inapiga hodi tena, inaanguka tena. Mzunguko huo ukirudiwa mara mbili tatu, sekunde nne zimeshakwenda. Siku nyingine hodi inasikika mapema katika jaribio la kwanza, na kibodi inaonekana nzima. Ndiyo maana watu husema kibodi yao "ina siku zake".

Jambo lililonishangaza mimi ni kwamba betri hiyohiyo ilikuwa inaandika vizuri kutwa. Lakini ukifikiri, kuandika ni kazi nyepesi. Ukishaunganishwa, kila kitufe ni mrusho mfupi wa chini ya milisekunde moja, na kapasita iliyo kwenye saketi inatosha kuubeba. Kupiga hodi ni kurusha mfululizo kwa sekunde nzima au zaidi. Ni mlima pekee katika siku ya kibodi, na upo pale pale mwanzoni. Betri inayochoka itaanguka hapo wiki kadhaa kabla ya kuanguka kwingine kokote. Kitufe cha kwanza kikianza kuchelewa kuliko kilivyozoea, hiyo ni taarifa ya betri iliyotangulia ile taa nyekundu.

Kuhusu aina za betri, basi, ushauri wa duka wa "nunua yenye volti nyingi" hauna maana hapa. Chukua betri za kuchaji za nikeli. Zikiwa zimejaa zina volti 1.3, zinashuka upesi hadi 1.2 na kukaa hapo karibu maisha yao yote. Kwa mita ya fundi zinaonekana kama alkalini iliyochoka. Lakini ukinzani wake wa ndani ni kama omu 0.05, kwa hiyo chini ya mzigo wetu wa miliwati 106 zinashuka kwa volti 0.004 tu. Zinapanda ule mlima bila kuhema. Kasoro yake ni nyingine: kibodi nyingi hukadiria akiba kwa kutazama volti na kudhani betri ni ya alkalini, kwa hiyo zitakuonyesha betri imekwisha nusu, siku ileile uliyoitoa kwenye chaja. Kibodi ambayo programu yake hupunguza matumizi inapoona betri iko chini inaweza pia kulala mapema zaidi kwa kosa hilo. Ukiona usingizi umefupika baada ya kubadilisha kwenda betri za nikeli, si betri mbovu, ni kibodi inayozisoma vibaya.

Betri za lithiamu za AA zisizochajiwa zina tatizo lililo kinyume. Volti zake zimesimama juu karibu mpaka mwisho, kwa hiyo kibodi itasema imejaa, imejaa, imejaa, kisha kimya.

Zile za kisahani, CR2032, zinazotumika kwenye kibodi ndogo nyembamba, ndizo zilizo dhaifu kuliko zote kwa kazi hii. Zina volti 3, hazihitaji kupandishwa, lakini ukinzani wake huanza kwenye omu 10 hivi na kupanda zinapoisha au zinapokuwa kwenye baridi. Kwa miliampea 15, omu 10 zinakula volti 0.15 na omu 40 zinakula volti 0.6. Watengenezaji huweka kapasita kubwa pembeni kuzisaidia, nao hufupisha muda wa kulala kwa sababu akiba yenyewe haifiki miliampea-saa 250.

Kisha zipo kibodi zenye betri ya lithiamu ya ndani ya kuchaji, na hizi zina kichekesho chake. Kibodi yenye taa chini ya kila kitufe inaweza kuwa na taa 80. Zikila miliampea 5 kila moja, ni miliampea 400, na betri kubwa ya miliampea-saa 4000 inakwisha kwa saa kumi. Mtengenezaji anaogopa, anaweka saa ya kulala kuwa fupi. Lakini taa zikizimwa, kushikilia bluutuu kwa maikroampea 300 kungechukua zaidi ya mwaka kuimaliza betri hiyohiyo. Redio inaadhibiwa kwa ulafi wa taa. Mwenye kibodi ya namna hii, kama programu yake inaruhusu, azime taa na arefushe muda wa kulala. Uchache wa umeme si sababu tena. Wanaojitengenezea kibodi kwa programu ya ZMK wana uhuru wote. Usingizi mzito humo haujawashwa mpaka uuwashe mwenyewe, na ukiuwasha muda wake wa kawaida ni dakika 15. Mistari hii miwili inaupeleka hadi saa moja:

```
CONFIG_ZMK_SLEEP=y
CONFIG_ZMK_IDLE_SLEEP_TIMEOUT=3600000
```

Kibodi ya dukani kama yangu haina mahali pa kuandika mistari. Kwa upande wa kompyuta, hata hivyo, kuna la kufanya. Kwenye Linux unaweza kuiambia bluutuu itege sikio mara nyingi zaidi. Katika faili `/etc/bluetooth/main.conf`, chini ya `[General]`, weka:

```
FastConnectable = true
```

Ukiiwasha kompyuta upya, ule mzunguko wa sekunde 1.28 unakuwa milisekunde 160. Kipimo changu kilitoka kwenye kumeza tarakimu tano hadi kumeza moja au mbili. Gharama yake ni umeme kidogo wa laptopu. Itafaa kwa kibodi za bluutuu ya zamani, zinazopiga hodi zenyewe kwa njia niliyoieleza. Kwa zile za nishati ndogo kompyuta ndiyo inayowatafuta wageni, na mpangilio huu hauwagusi. Kwenye Windows, fungua `Device Manager`, chagua kifaa cha bluutuu, nenda `Power Management`, uondoe alama kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Hilo linatibu kisa kimoja tu, cha kompyuta kuzima redio yake yenyewe. Kama kibodi ndiyo inayokata, alama hiyo haitabadilisha lolote, na wengi wameiondoa wakangoja muujiza.

Tiba kamili iko kwenye ile njia ya pili niliyoidharau. Kipokezi cha USB kinalishwa na kompyuta, kwa hiyo hakina haja ya kufunga sikio hata kidogo. Kibodi ikiamka hailazimiki kubahatisha dirisha la milisekunde 11. Inarusha, inajaribu chaneli chache, inaitikiwa. Nilipofanya kipimo changu kwa kipokezi, baada ya kuiacha kibodi usiku kucha, tarakimu zote kumi zilitokea, na kwa betri ileile ya fundi. Mlima ulikuwa umegeuka kichuguu, kwa hiyo hata betri ya omu 3 iliuvuka.

Kwa hiyo nimenunua kigawanyo cha matundu ya USB, nikachomeka kipokezi. Nikiwa safarini, bila kigawanyo, natumia bluutuu, na kabla ya kuandika neno la siri nagusa Ctrl mara moja na kuhesabu hadi tatu. Usitumie Shift kwa kazi hiyo: ukiigonga mara tano mfululizo, Windows itakuuliza kama unataka vitufe vinavyonata. Ile betri fundi aliichukua. Nilipopita juzi ilikuwa kwenye saa ya ukutani dukani kwake, inakwenda bila wasiwasi.